Hoteli ya Kuku

Jirani zake walimwita Meneja kwa sababu aliwahi kusimamia nyumba ya wageni, na alipostaafu hakuna aliyethubutu kumvua cheo. Alirudi nyumbani na tai zake, na kalamu mfukoni mwa shati, na ile tabia ya kumuuliza kila anayebisha hodi kama ameweka nafasi. Mwezi wa kwanza alikaa kibarazani akikosoa jinsi watu wanavyopita njiani. Mwezi wa pili mkewe alichoka, akamwambia, "Baba watoto, tafuta kitu cha kusimamia kabla hujanimaliza mimi." Basi Meneja akaamua kufuga kuku.

Mkewe alikuwa na kuku wake tangu zamani, wachache, kwenye kibanda cha mbao kilichonyanyuliwa juu ya miguu minne uani. Kilikuwa na sura ya kiti kibovu, lakini hakikuwahi kuleta kesi. Meneja alikizunguka mikono nyuma, akatikisa kichwa.

"Hapa hawezi kulala mtu mwenye heshima," alisema.

"Hawalali watu, wanalala kuku."

"Ndiyo maana hatuendelei."

Kibanda kikavunjwa. Mahali pake pakainuka jengo ambalo watu walianza kuliita Hoteli hata kabla halijaezekwa. Meneja aliliegemeza kwenye ukuta wa jiko ili apate ukuta mmoja wa bure. Kuta nyingine alizijenga mbilimbili, mbao za plaiwudi nje na ndani, katikati akajaza maranda, kuku wasisikie baridi. Juu akaweka dari. Chini akaacha udongo mtupu, akautandikia mkeka wa plastiki wenye maua. Madirishani akapiga wavu mwepesi wa matundu makubwa, kisha akaning'iniza mapazia. Kando ya mlango akatenga stoo, magunia ya chakula yakapangwa chini, yameegemea ukuta, hadi darini. Vyombo vya kulishia alivijaza jioni hadi kumwagika, maana, alisema, mgeni asiamke na njaa akakuta jiko limefungwa.

Watu walikuja kutazama. Walitazama mapazia, wakaguna kwa heshima, wakaenda kucheka mbele ya safari.

Kazi ya kulisha na kufagia aliachiwa shemeji yake Meneja, mdogo wake mkewe, aliyekaa chumba cha uani. Huyu alikuwa fundi bati ambaye kazi zilimjia kwa msimu, na jina lake la mtaani lilikuwa Kimya, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza. Angeweza kukusimulia habari ya msumari mmoja mpaka chai ikapoa. Ndiyo maana aliposema jambo la maana, watu walikuwa wameshaacha kusikiliza.

"Shemeji," alimwambia Meneja asubuhi moja, "humu ndani mna panya. Nimeona kinyesi chao nyuma ya magunia, halafu pale ukutani kuna mstari mweusi unang'aa kama umepakwa mafuta. Hiyo ni njia yao, wanasugua mbavu wakipita. Na hawa kuku hawalali. Tazama macho yao. Kuku asiyelala hatagi, shemeji, hata mimi nisipolala sitagi, yaani kwa maana ya—"

"Panya gani anaingia kwenye jengo lenye dari?" alikatiza Meneja.

"Wamo kwenye hilo hilo dari. Na kwenye kuta. Umewapa maranda, shemeji, mimi mwenyewe godoro langu halina maranda ya namna ile."

"Umemwona panya hata mmoja?"

"Mchana? Panya mwenye akili anatembea mchana?"

"Basi huna ushahidi." Meneja aliirudisha kalamu mfukoni, ishara kwamba malalamiko ya mgeni yamepokelewa na yametupwa.

Mayai yakapungua. Vifaranga nao, waliowekwa kwenye boksi karibu na stoo, wakawa wanapotea mmojammoja bila kuacha hata unyoya. Gunia la chini kabisa lilipovutwa lilikuja jepesi kama mto wa kulalia. Pembe yake iliyogusa ukuta ilikuwa imetobolewa, na unga wa chakula umetiririka ndani ya mbao.

Hapo Meneja akakubali nusu. Alileta paka. Paka yule alikuwa mnene, mwenye shingo fupi, akalala juu ya magunia mchana kutwa kama mlinzi wa benki. Meneja alimpa dagaa asipungukiwe nguvu kazini, na kwa kuwa hakupungukiwa na chochote, hakuona sababu ya kuinuka. Akaleta sumu aliyouziwa barabarani bila kibandiko, akaichanganya na pumba kwenye visahani, akaviweka sakafuni humo humo bandani. Panya hawakuigusa. Kwa nini wale pumba za barabarani, na chakula bora cha kuku wa mayai kimejaa kila upande? Walioigusa ni kuku wawili. Mkewe aliwakuta miguu juu. Akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akakusanya visahani, akafukia kila kitu shimoni, wale kuku wawili pia, ili paka wala mbwa wa jirani asije akawala. Siku hiyo hakumsemesha mumewe mpaka giza likaingia.

Meneja alikaa akawaza, na kuwaza kwake kukampeleka mahali pabaya. Panya hawali sumu, basi hakuna panya. Hakuna panya, na chakula kinapungua, basi kuna mwizi. Mwizi anayeshika ufunguo wa stoo ni nani?

"Shemeji," alisema, akiwa amevaa tai, "kwenye kazi yangu nilijifunza jambo moja. Mataulo yakipotea, usimtafute mgeni. Mtafute anayebeba funguo."

Kimya alimtazama. Mkewe Meneja, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, aliacha mkono juu ya sinia.

"Unasema nakula chakula cha kuku?" aliuliza Kimya.

"Nasema kikulacho ki nguoni mwako."

Kwa mara ya kwanza mtu yule akawa kama jina lake. Aliingia chumbani, akakunja nguo zake, akabeba mkasi wake wa bati na nyundo, akamwambia dada yake kwaheri kwa kichwa tu. Akaenda kulala kwenye karakana ya rafiki yake fundi wa kuchomea vyuma. Dada mtu alimfuata mpaka njiani, akarudi peke yake, akaendelea kuchambua mchele. Aliuchambua ule ule uliokwisha kuwa safi.

Meneja, kwa kuogopa kwamba mwizi ameacha washirika, akahamisha magunia yote. Aliyapeleka sebuleni. Akayapanga nyuma ya makochi, akayafunika kwa kitambaa cha dhahabu kilichobaki kwenye mapazia, akaweka juu yake chombo cha maua.

"Sasa chakula kiko chini ya macho yangu," alisema.

"Na pua zetu," alisema mkewe.

Stoo ikabaki tupu. Waliokuwa wamezoea kula humo wakashangaa siku moja, siku ya pili wakainua pua. Dari ya Hoteli na dari ya jiko zilikutana juu ya ule ukuta wa bure, na dari ya jiko haikuwa na kizuizi mpaka ya sebule. Njia ilikuwa fupi kuliko ya kwenda dukani. Mkewe Meneja alisikia mchakacho juu ya kichwa wakati wa chakula, akamtazama mumewe. Meneja akajitia hamnazo, akaongeza sauti ya redio.

Yote haya yalitokea wakati binti yao wa pekee, muuguzi, alikuwa amepata mchumba, na familia ya kijana ilikuwa imetoa taarifa kwamba inakuja kufahamiana. Nyumba ikapigwa deki. Meneja akaandaa hotuba. Binti alimwomba baba yake aondoe magunia sebuleni, akajibiwa kwamba hakuna atakayeyaona, na kwamba kitambaa kile kinaipa nyumba hadhi.

Wageni wakaja mchana, wakiwa wanne: kijana mwenyewe, dada yake, mama yake, na mjomba wake aliyekuja kama msemaji. Mjomba alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kusomea tangazo la msiba. Alikalishwa kwenye kochi kubwa, lile la heshima, mgongo kwa magunia. Mama wa kijana, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kujaza chumba, alikaa pembeni yake. Mara tu alipokaa, alivuta hewa puani mara mbili, akatazama dari, kisha akatazama kitambaa cha dhahabu.

Chai ikamiminwa. Mjomba akasimama, akasafisha koo, akasema mambo marefu juu ya ukoo wao, usafi wa ukoo wao, na jinsi walivyochunguza kwa makini kabla ya kufika katika nyumba hii. Akaketi tena kwa uzito wote, akaendelea akiwa amekaa.

"Tumekuja," alisema, "kwa sababu tumesikia kwamba katika nyumba hii kuna..." Akasita. Akapapasa mfuko wa koti. "Samahani, simu yangu inatetemeka."

Simu ilikuwa mezani mbele yake. Kila mtu aliiona, hata yeye mwenyewe. Na bado kitu kilitetemeka.

"Mjomba," alisema kijana polepole, "usisogee."

Kumwambia mtu asisogee ni kumwambia aruke. Mjomba aliruka, na kutoka kati ya mto na mgongo wa kochi akatoka panya jike, mkubwa, ambaye alipita pajani kwake, akapita juu ya sahani ya vitafunio bila kudonoa kitu, akapanda pazia na kutoweka juu ya dirisha. Mjomba akapanda kiti. Binti akafunika uso. Meneja alisimama wima, akasema neno ambalo miaka yote ya kazi ilimwekea tayari mdomoni: "Tunaomba radhi kwa usumbufu, mgeni atahamishiwa chumba kingine."

Mama wa kijana hakupanda kitu. Aliinua mto wa kochi. Chini yake, ndani ya sponji iliyochimbwa, palikuwa na kiota cha nyuzi za dhahabu, na katika nyuzi zile vitoto vya panya vyekundu, vipofu, vinajikunyata kama vidole vya mtoto mchanga. Kando yake, lundo dogo la chakula cha kuku. Mama akazunguka, akavua kile kitambaa kwa mkono mmoja. Magunia yakaonekana, ya chini yote yametoboka pembeni.

"Mkwe wangu," aliuliza kwa upole, "ni sisi wageni tuliokuta chakula chao, au ni wao waliokuta chetu?"

Meneja akaivuta tai yake upande.

"Tunaondoka," alisema Mjomba akiwa bado kitini. "Ukoo wetu hauwezi—"

"Kaka, shuka kwanza, utavunja kiti cha watu," alisema mama. "Ukoo wetu? Umesahau mwaka ule panya walivyomla bata wetu miguu akiwa ameatamia? Umesahau nani alikuwa akiacha debe la pumba wazi?" Mjomba akashuka. "Kuku mko nao wapi? Nipelekeni."

Wakatoka wote uani, tai ya Meneja imepinda. Mama aliitazama Hoteli, mapazia yake, mkeka wake wa maua. Akainua ukingo wa mkeka kwa ncha ya kiatu. Udongo chini yake ulikuwa umechimbwa mashimo, mengine yakitokeza nje kwenye magugu. Akaingiza kidole gumba kwenye tundu la wavu, kikapita bila kugusa. "Hapa panya mchanga anaingia na mzigo wake mgongoni. Wavu huu unazuia kuku asitoke. Panya haumhusu." Kisha akagonga ukuta kwa ngumi. Ndani, kitu kikakimbia. Akagonga upande wa pili, vikakimbia vingi.

"Mkwe, umejenga nyumba mbili," alisema. "Ya kuku umeibana, ya panya ndiyo hoteli."

Kijana aliomba nyundo, akang'oa ubao mmoja wa ndani, karibu na stoo. Maranda yakamwagika, na pamoja nayo magamba ya mayai, miguu myembamba ya vifaranga, na chakula cha kuku kilichoshindiliwa kama akiba ya njaa, kingi kiasi cha kujaza ndoo na kubaki. Mkewe Meneja aliinama, akachota kiganja cha kile chakula, akamwendea mumewe, akakiweka mkononi mwake. Akakikunja kiganja cha mumewe kwa vidole vyake mwenyewe.

"Huyu ndiye mwizi aliyekuwa anabeba funguo," alisema. "Mdogo wangu analala juu ya vyuma."

Meneja alisimama na ule unga mkononi. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ile, kwa jinsi ilivyochimbwa, ingempeleka moja kwa moja kwa wale aliowakaribisha.

Kijana alishika ubao wa pili. Mama yake akamzuia. "Acha! Ukibomoa leo, wote watahamia vyumbani kwao. Kwanza waondolewe chakula. Magunia yatoke sebuleni, yasiyotobolewa yaingie kwenye mapipa ya chuma yenye mifuniko, yaliyochafuliwa yatupwe, msiwape kuku. Kochi litoke nje na vilivyomo. Mzibe juu ya ukuta wa jiko. Mtege mitego kando ya kuta, pale penye ile mistari yao, mdomo wa mtego uangalie ukuta. Wakiwa na njaa watajitega wenyewe. Wakipungua, ndipo mvunje."

Aliosha mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akawaamuru wengine nao waoshe, akarudi ndani kumalizia chai yake. Mjomba alikunywa amesimama.

Meneja hakumaliza hotuba yake. Aliwaomba wageni ruhusa, akavuka mtaa kwa miguu mpaka karakanani. Kimya alikuwa amechuchumaa akikata bati, na mafundi watatu wamekaa wakimsikiliza, maana ulimi ulikuwa umemrudia. Alipomwona shemeji yake akanyamaza.

Meneja alianza kama alivyozoea. "Uongozi umepitia upya suala lako, na umebaini kwamba..." Mafundi wakamtazama. Tai ilikuwa na maranda. Akaivua, akaitia mfukoni.

"Nilikuita mwizi," alisema. "Wewe huibi. Nimekosa, shemeji. Dada yako hali vizuri tangu ulipoondoka, na mimi pia, ingawa mimi sikustahili kula. Rudi nyumbani."

Kimya aliweka mkasi chini. "Uliniambia mbele ya dada yangu."

"Ndiyo."

"Basi utarudia mbele yake."

"Mbele yake, na mbele ya wakwe. Wapo nyumbani, wanakunywa chai na panya."

Hapo Kimya akashindwa kujizuia, akacheka, na mafundi nao. Ikabidi asimuliwe habari yote tangu mwanzo, njia nzima, na kila Meneja alipofika mwisho Kimya alitaka arudie pale Mjomba aliposema simu inatetemeka.

Kwa siku kadhaa mitego ilifanya kazi kuliko paka. Kila asubuhi Kimya alivaa glavu, akawakusanya, akawafukia shimo refu. Mitego ilipoanza kukaa mitupu, Hoteli ikavunjwa, mapazia yakachomwa pamoja na maranda. Banda jipya likajengwa mbali na nyumba, peupe, magugu yamefyekwa kuzunguka, kuni hazikuegemezwa popote karibu. Lilisimama juu ya miguu mirefu ya chuma, na kila mguu Kimya aliuvisha kofia ya bati iliyofunguka chini kama mwavuli, ili panya akipanda akutane na dari asiyoweza kuizunguka. Wavu ulikuwa wa nyaya ngumu, matundu yasiyopitisha kidole kidogo. Ukingo wa mlango ulivikwa bati, maana panya hutafuna mbao kama muwa. Kuta zilikuwa moja tu, hazina siri. Kila jioni, kuku wakishashiba, vyombo vya chakula vilitolewa na kufungiwa, mayai yakaokotwa, ngazi ikaondolewa.

Lilikuwa baya kwa sura. Wapita njia hawakusimama tena. Meneja aliumia kidogo, akapendekeza walau kibao cha jina juu ya mlango. Mkewe alimtazama tu, akasema hapana.

Kuku wakalala. Baada ya majuma kadhaa, wakataga.

Harusi ilifanyika, na Meneja akapewa nafasi ya kuwausia maharusi. Aliwausia juu ya mapipa ya chuma. Alieleza kwa kirefu kwamba gunia lisiguse ukuta wala sakafu, kwamba ndoa nayo inahitaji nafasi ya kupitisha ufagio, na kwamba alikuwa akiyajua haya siku zote. Mjomba wa bwana harusi alikunja uso. Mama wa bwana harusi alicheka mpaka akafuta machozi. Kimya, aliyekaa meza ya ndugu, akamnong'oneza dada yake kwamba mtu huyu sasa anamshinda kwa maneno.

"Mwache," alisema dada yake. "Leo anasema kweli."

Kesho yake asubuhi Meneja alitoka na tochi, kama alivyofanya kila siku tangu banda lile lilipojengwa, akainama, akamulika chini ya banda na nyuma ya mapipa. Kwenye kona ya jiko aliona vipunje vitatu vyeusi vya kinyesi, vibichi. Hakumwamsha mtu. Akaenda kutafuta saruji.